Nani Aliandika Kitabu cha Mtoto Wako?

Jumapili, saa tatu usiku, simu ililia. Dada yangu. Mtoto wake yuko Gredi ya 2 na kesho yake alitakiwa apeleke shuleni "kitabu cha hadithi alichojitengenezea." Dada alikuwa ameona ujumbe kwenye grupu ya wazazi jioni hiyo, na tayari kuna mzazi mmoja alikuwa ameposti picha ya kitabu kimeprintiwa rangi, jalada gumu, kimefungwa kwa utepe. "Sasa mimi nitatoa wapi hiyo kitu usiku huu?" akaniuliza. Nikamwambia ampe mtoto karatasi na penseli. Akanicheka. Akavaa sweta, akateremka hadi saiba, na msee wa saiba, ambaye siku hizi ameshazoea hizi kazi za mtaala wa umilisi kuliko walimu wenyewe, akamtolea hadithi ya sungura na kobe yenye picha za kuchukua mtandaoni. Kurasa nane, mia mbili na hamsini. Mtoto alikuwa amelala.

Kitabu hicho kilipata alama ya juu kabisa. Kikabandikwa ukutani. Mtoto wa jirani, wanasoma darasa moja, alipeleka chake alichochora kwa kalamu ya bluu, jua lina miguu na jina lake limeandikwa kinyume. Akaambiwa arudi nacho nyumbani "asaidiwe."

Nimekasirika tangu siku hiyo, na sitaki kuzunguka. Huyo aliyerudishwa ndiye alikuwa na kitabu. Wale wengine walikuwa na risiti za saiba.

Najua utaniambia nimpunguzie mzazi lawama. Sawa, nampunguzia. Dada yangu anafika nyumbani saa mbili usiku, na akipeleka kazi mbaya ni yeye anaonekana hajali mtoto. Lakini hebu tuangalie kitu kilichopotea hapo katikati, juu nadhani wengi hawakijui, na wakikijua watakataa kukipoteza kirahisi hivyo.

Mtoto anayejifunza kusoma ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kugeuza herufi ziwe sauti. Ya pili ni kuelewa hizo sauti zinasema nini. Ukimpa kitabu chenye maneno asiyoyajua, kuhusu mahali asipopajua, kazi zote mbili zinakuwa nzito pamoja. Anasoma "bustani" silabi kwa silabi, bu-sta-ni, anafika mwisho na hana picha yoyote kichwani, juu anakoishi hakuna bustani. Lakini sentensi iliyotoka mdomoni mwake mwenyewe haina mzigo wa pili. Maana anayo tayari. Nguvu zote zinabaki kwa herufi. Hiyo ndiyo sababu ya kumtengenezesha mtoto kitabu chake cha kusoma. Si sanaa na ufundi, na si pambo la ukuta. Ni kitabu cha kusoma ambacho nusu ya kazi imeshafanyika kabla hajakifungua, na kimefanyiwa kazi hiyo na yeye mwenyewe. Mama akiandika, au saiba ikiandika, ile nusu inarudi pale pale. Mtoto anapewa tena maneno ya mtu mwingine, ila safari hii jina lake limeandikwa juu.

Wazo hili si geni na wala si la mtaala wetu. Miaka ya 1920 kule Ufaransa, mwalimu wa kijijini aitwaye Célestin Freinet alileta mashine ndogo ya kupigia chapa darasani, watoto wakapanga herufi wenyewe na kuchapa habari zao: konokono, mvua, ng'ombe wa jirani. Kisha wakabadilishana na shule nyingine kwa posta. Na Sylvia Ashton-Warner, aliyefundisha watoto wadogo wa Kimaori huko New Zealand na kuandika kitabu chake *Teacher* mwaka 1963, aliona watoto wakishindwa na vitabu vilivyoletwa kutoka utamaduni mwingine lakini wakishika mara moja neno walilolichagua wenyewe, hasa likiwa neno la kitu wanachokiogopa au kukipenda. Freinet alihitaji mashine. Sisi tunahitaji karatasi moja.

Na hapa niwe mpole kidogo, niache ugomvi, nieleze hiyo karatasi. Huwa tunakutana Jumamosi kwenye ukumbi mmoja wa kuazima huku Umoja, watoto kama ishirini hivi, na karibu kila kitu ninachokijua nimekijua kwa kukosea hapo.

Chukua A4 moja, ilaze kwa upana. Ikunje kwa urefu, ukingo mrefu ukutane na ukingo mrefu, ufungue. Ikunje sasa upana kwa upana, halafu kila upande ukunjwe tena hadi kwenye mkunjo wa katikati, ufungue. Una vyumba vinane, vinne juu na vinne chini. Sasa ikunje tena katikati, kingo fupi zikutane, ili kipande ulichoshika kiwe na mkunjo upande mmoja na kingo zilizo wazi upande wa pili. Kata kwa mkasi kuanzia upande wa mkunjo, ukifuata ule mstari wa katikati, usimame pale mstari unapokutana na mkunjo wa kwanza. Hapo tu. Ukifungua, karatasi ni nzima lakini ina mpasuko katikati, wa urefu wa vyumba viwili. Ikunje kwa urefu tena, shika ncha mbili, zisukume zielekeane. Mpasuko unapanuka kama mdomo, kisha vinatokea vibawa vinne. Vilaze upande mmoja. Umepata kitabu: jalada, kurasa sita za ndani, na mgongo wa nyuma. Hakuna gundi wala stepla.

Kosa ambalo kila mtoto hufanya mara ya kwanza ni kukatia upande ulio wazi. Ukifungua unakuta mikato miwili, mmoja kila pembeni, katikati pamebaki pazima, na hakuna mdomo wa kupanua. Nimejaribu kueleza kwa maneno nikachoka. Kinachofanya kazi ni kumwambia mtoto aweke mkunjo uelekee tumbo lake, kisha akate akitokea tumboni. Tangu tuanze kusema "anzia tumbo," karatasi za kutupa zimepungua sana. Kosa la pili ni kukata ukapita mkunjo, karatasi ikabaki imeshikwa na uzi mwembamba au ikagawanyika vipande viwili. Mwambie aweke kitone cha kalamu mahali pa kusimama kabla hajashika mkasi. Na kama mikunjo ni legelege, kitabu kitajifungua chenyewe kama samosa mbaya. Apige kila mkunjo kwa kifuniko cha soda au kwa rula.

Huna A4? Vuta karatasi ya katikati kwenye daftari la kawaida la A5. Zile kurasa mbili zilizoungana ni A4 kamili, na cha kupendeza ni kwamba ukiilaza kwa upana, mistari yake inaangukia sawa sawa kwenye kurasa za kitabu kidogo, mtoto anapata mistari ya kuandikia bila kuchora hata mmoja. Matundu ya stepla yanabaki pembeni, hayasumbui.

Tunawaacha wakate wenyewe. Najua kuna watu wazima huwa wanakuja ukumbini wakiwa na nia njema na mkasi wao, wanataka kukunja vitabu ishirini kabla watoto hawajafika ili "tusipoteze muda." Nimewahi kufanya hivyo. Jumamosi ile vitabu vilijazwa kwa dakika kumi, vikasahaulika sakafuni. Mtoto aliyekunja mwenyewe, akakosea, akarudia, anakipeleka nyumbani ndani ya soksi kama ni lazima. Na kuna faida nyingine: anajua kutengeneza kingine Jumatatu bila mimi, bila wewe, bila saiba.

Kabla ya kuandika, penseli inahesabu kurasa kitabu kikiwa kimekunjwa: jalada, 1 hadi 6, nyuma. Ukiruka hatua hii, mtoto atafungua karatasi ili apate nafasi kubwa ya kuchora, ataandika kila chumba akiwa ameielekeza vilevile, na akikunja nusu ya hadithi itakuwa kichwa chini. Vyumba vinne vya juu hukaa kinyume na vya chini, ndivyo karatasi hii ilivyo. Akishaweka namba, hata akifungua, namba zenyewe zinamwambia ageuze.

Sasa nikupeleke kwenye kitabu kimoja. Kiliandikwa na msichana wa miaka saba ambaye kwa mwezi mzima alikuwa anakaa nyuma na kuchora maua. Nyumba sita, maua sita. Wiki hiyo maji yalikuwa yamekatika mtaani kwao. Nikamuuliza kama ninavyowauliza wote, "Niambie kitu kimoja ulifanya jana." Akaniambia. Nikamwambia asimame hapo, asiendelee, aandike hiyo moja kwa ukurasa wa kwanza. Kisha nikauliza, "Halafu?" Hilo ndilo swali pekee ninaloruhusiwa. Sipendekezi neno, sipendekezi mwisho mwema. Nikipendekeza, kitabu kimekuwa changu.

Kitabu kinaitwa Maji. Ukurasa wa kwanza: Maji imepotea. Wa pili: Mama amebeba mtugi. Wa tatu: Laini ni refu. Wa nne: Mimi nimekalia mtugi. Wa tano: Mtugi yetu imefika. Wa sita: Maji imeisha tena.

Soma tena ule wa sita. Mimi nimesoma diwani nyingi na sijui ni mshairi gani angemaliza vizuri hivyo. Lakini tuache uzuri. Angalia kazi. Maji limerudi mara mbili, mtungi mara tatu. Mtoto hakuambiwa arudie, hadithi yenyewe ndiyo imerudia, na kurudia ndiko kunakomfanya msomaji mchanga alitambue neno kwa jicho bila kulihesabu silabi. Waandishi wa vitabu vya darasa la kwanza hutumia muda mrefu kupanga marudio kama hayo. Yeye alikuwa na kiu tu.

Halafu akaja mtu mzima na kalamu nyekundu. Si mwalimu wa shule, ni mwenzetu wa kujitolea, mtu mzuri sana. Akaona "maji imepotea" akaandika juu yake "yamepotea." Akaona "mtugi yetu imefika," akaandika "mtungi wetu umefika." Laini akaigeuza kuwa foleni, refu akaifanya ndefu. Alipomaliza, kila ukurasa ulikuwa na damu. Msichana akaombwa asome. Alipofika "yamepotea" akasimama. Hilo halikuwa neno lake. Akaangalia picha, akaangalia neno, akasema kwa sauti ndogo, "Imepotea?" kama mtu anayeomba ruhusa. Wiki iliyofuata alichora maua.

Hapa ndipo ugomvi wenyewe ulipo, na najua baadhi yenu mtanifuata na ngeli mkononi. Mtasema mtoto wa Nairobi tayari anazungumza Kiswahili kilichovunjika, na sasa tunataka kukichapisha. Mtasema mtihani hautauliza anavyoongea kwao. Mimi pia napenda ngeli, na nataka huyu msichana azijue zote akifika gredi za juu, azitumie kama kisu kikali. Swali langu ni la wakati. Kitabu hiki kina kazi gani leo? Kazi yake ni kumfanya aone kwamba alama zilizo kwenye karatasi zinasema alichosema. Ukibadilisha alichosema, umemfundisha kinyume: kwamba maandishi ni mahali ambapo watu wengine huongea.

Lakini tafadhali, sisemi tusisahihishe kitu. Kuna wapenzi wa watoto ambao wanaacha kila kosa kwa jina la uhuru, na hao pia wananikera. Kuna tofauti kati ya "imepotea" na "mtugi." Imepotea ndiyo sauti anayoitoa, na ameiandika kikamilifu. Mtugi siyo. Anasema mtungi, sauti ya ng iko mdomoni mwake, ila haijafika kwenye karatasi. Kosa hili ni la kawaida mno kwa watoto wanaoanza kuandika Kiswahili. Ile n au m inayotangulia konsonanti nyingine inawatoroka: nyumba inakuwa nyuba, ndizi inakuwa dizi, kengele inakuwa kegele. Wengine wanaongeza irabu pale m inaposimama peke yake, wanaandika mutoto na mukate. Na karibu wote huunganisha maneno, ameendakwashosho, juu mdomo haupumziki kati ya maneno.

Haya ndiyo ya kushughulikia, kwa sababu yanamzuia msomaji mwingine. Na yanashughulikiwa kwa mdomo kabla ya penseli. Nilikaa na yule msichana nikamwambia aseme mtungi polepole huku ameshika pua. Jaribu na wewe, sauti inakwama hapo katikati. "Kuna kitu kimejificha," akasema. Akakitafuta, akaweka n mwenyewe. Kwa maneno yaliyoungana, anasoma sentensi huku akidondosha kifuniko cha soda mezani kwa kila neno, kisha anahesabu vifuniko na kulinganisha na karatasi. Masahihisho yanaingia kwenye nakala ya pili, ambayo ni karatasi mpya anayoikunja upya. Nakala ya kwanza haiguswi na mtu. Kwa hivyo kitabu cha Maji kilichopo sasa kina mtungi iliyoandikwa sawasawa, na ni mtungi yetu, na imefika.

Akiuliza mbona kwenye kitabu cha shule imeandikwa "mtungi wetu," namwambia ukweli: kuna Kiswahili cha nyumbani na kuna Kiswahili cha kitabu cha shule, na yeye atakuwa na vyote viwili. Watoto hawashtuki. Wanabadilisha lugha mlangoni kwa shosho kila likizo.

Wacha pia nikubali mipaka, maana nimeona watu wakiuza hiki kitu kama dawa ya mganga. Karatasi ya kukunja haimfundishi herufi mtoto ambaye hazijui. Kama hajui ma ni ma, akikwambia hadithi ukaiandika wewe, ana picha na sauti yako, basi. Huyo anahitaji silabi kwanza, kila siku, na mwalimu anayezijua. Wala haichukui nafasi ya vitabu vya kuchapishwa. Mpango wa Tusome, ulioenea kwenye shule zetu za umma kuanzia 2015, ulifanya jambo kubwa kwa kumpa kila mtoto wa madarasa ya kwanza kitabu mkononi badala ya watoto kugawana kitabu kimoja. Mtoto lazima akutane na maneno ambayo hayako mtaani kwao, bustani ikiwemo. Kitabu chake cha kukunja ni mlango tu wa kuingilia.

Na kuna ujanja mmoja ambao umewadanganya watu wazima wengi, mimi nikiwa wa kwanza. Mtoto anakisoma kitabu chake vizuri sana, bila kukwama, kwa madaha. Unapiga makofi, unarekodi video. Kumbe hasomi. Anakikumbuka. Sentensi ni zake, picha iko pale, angeweza kukisoma macho yakiwa juu ya dari. Dalili ya kwanza ni kidole. Mwambie asome akigusa kila neno, na ukiona kidole kimemaliza mstari na mdomo bado unaendelea, au mdomo umemaliza na kuna neno limebaki, ujue. Halafu mguse neno la katikati, uliza "Hii ni gani?" Akirudi mwanzo wa sentensi ili afike hapo, bado anakumbuka. Jaribio ninalolipenda zaidi ni kuandika sentensi yake moja kwenye kipande cha karatasi bila picha, kukata kila neno peke yake, kuyachanganya na kumwambia ayapange. Mimi nimekalia mtungi. Akikosea akaweka Mtungi nimekalia mimi, akaisoma, akacheka mwenyewe, hapo anasoma. Kicheko hicho hakiigizwi.

Jaribio kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni mtoto mwingine. Kitabu cha ukutani shuleni hakina msomaji. Kina mgeni wa siku ya wazazi. Kitabu cha Maji tulimpa mvulana wa miaka minane ambaye vitabu vya shule huvishika kama sahani ya moto. Alisoma hadi wa tano, akageuza, akasoma wa sita, akasema kwa sauti, "Ata kwetu!" Hakuna mwalimu aliyemuuliza maswali ya ufahamu. Alikuwa ameshajibu. Kisha akaomba karatasi.

Ndiyo maana nawaomba walimu wa gredi za chini jambo moja dogo ambalo halihitaji warsha. Kazi hii isiende nyumbani. Nusu saa darasani, karatasi moja ya daftari, mkasi mmoja kwa watoto watano. Darasa la watoto sitini ni gumu, najua, na hakuna mtu atakayekaa na kila mmoja akimshikisha pua. Basi wafanye kumi kwa wiki, wengine wakiwasomea wenzao vya wiki iliyopita. Ila usikitume nyumbani Ijumaa kikarudi Jumatatu na utepe. Ukikitoa alama, utapata mama. Na ukishapata mama mmoja, wote hamsini na tisa wengine watafuata, hakuna mzazi wa Nairobi anayekubali mtoto wake aonekane maskini kwenye grupu.

Kwa mzazi ambaye kazi imeshamfikia Jumapili usiku, kama dada yangu: keti kando yake dakika kumi. Kunja yako, naye akunje yake. Uliza "Halafu?" mara tano. Ukiulizwa Jumatatu mbona ni chafu, jibu kwamba ameandika mtoto wa miaka saba. Najua inahitaji moyo.

Nimesema mengi kuhusu saiba, na naona nimeionea. Saiba ina kazi yake halali hapa. Karatasi hii imeandikwa upande mmoja tu, kwa hivyo ukikifungua kitabu kinarudi kuwa ukurasa mmoja, na ukurasa mmoja ni fotokopi moja. Kwetu ni bob tano. Kwa mia moja kitabu cha mtoto kina nakala ishirini, darasa zima dogo. Unahitaji tu mtoto apitishe kalamu nyeusi juu ya penseli, maana penseli hafifu haionekani kwenye nakala, na asiandike hadi kwenye ukingo, mashine hukata pembeni. Na mwambie msee asipunguze saizi. Akipunguza hata kidogo, picha zinahama kutoka kwenye mikunjo na jalada linaingia ukurasa wa nyuma.

Mwezi uliopita nilimpeleka yule msichana mwenyewe, akiwa na noti ya mia mkononi na Maji imefunguliwa. Ilikuwa saiba ile ile ya sungura na kobe. Msee akaichukua, akaitazama, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Anko, hii iko na shida," akaniambia. "Nusu imeandikwa juu chini. Niwarekebishie kwa kompyuta? Mia mbili na hamsini."

Sikujibu. Msichana alimnyang'anya karatasi, akaikunja juu ya kaunta, mdomo ukapanuka, vibawa vinne vikalala, akampa.

"Soma," akamwambia.

Kulikuwa na watu watatu kwenye laini nyuma yetu, mmoja na fomu za kitambulisho. Msee akasoma zote sita, kimya. Alipofika ya mwisho akainua kichwa.

"Wee unaishi wapi?" akauliza. "Juu hata leo imepotea."